Kitabu cha simu kwa kina mama wa mahamri: kionjo, bei ya uzinduzi na kukabidhi

Nilipokuwa najiandaa kuuza kitabu changu, ujumbe wa kwanza kuuandika ulikuwa ule ambao mnunuzi angeupata wakati wa kulipa. Jalada lilikuwa bado kwa msanii, posti za kutangaza hazijaandikwa hata moja, na bei yenyewe sijaikatia shauri. Nilianzia huko kwa sababu nawajua niliowaandikia. Mama anayeuza mahamri Kisauni au viazi karai karibu na feri ya Likoni haoni tabu kununua kitabu. Tabu yake ni kutuma pesa kwa mtu asiyemjua, kisha akae anaangalia simu. Yeye mwenyewe huuza mkono kwa mkono: nipe kumi, shika hamri lako. Ukimwambia alipe leo kitu ambacho hawezi kukishika, lazima ajue kitamfikia vipi, saa ngapi, na kisipofika amuulize nani.

Kazi yangu ni kushika hesabu za maduka madogo na vibanda vya chakula hapa Mombasa. Kitabu kinahusu jambo moja tu, gharama ya chakula cha kuuza: mahamri, viazi karai, bajia, juisi ya ukwaju, na oda za harusi ambazo ndizo huwameza watu. Ni faili la PDF la kusomwa kwenye simu. Hapa nitaeleza nilivyokizindua, na nitakaa zaidi kwenye kionjo na kwenye kukabidhi, maana huko ndiko pesa huingia au hupotelea.

Kionjo kwanza. Wengi wanaouza vitabu vya namna hii hutoa picha ya jalada, mstari wa "kinakuja hivi karibuni", na orodha ya sura. Hiyo haimwonjeshi mtu chochote. Muuza achari hakuoneshi picha ya kopo, anakutilia kipande mkononi. Mimi nilichukua hesabu moja nzima kutoka sura ya kwanza nikaitoa bure, bila kuikata katikati. Ilikuwa hivi.

Tuseme mama anapika mahamri ya kilo mbili za unga. Unga ni shilingi 180. Sukari gramu 300, shilingi 50. Nazi mbili, 80. Hamira na iliki, 40. Mafuta yanayonyweka na yale yanayobaki machafu ya kumwaga, tuyaweke nusu lita, 150. Makaa, 80. Karatasi za kufungia, 20. Jumla ni 600. Kilo mbili za unga, ukiongeza tui na sukari, zinatoa donge la zaidi ya kilo tatu, na ukikata hamri la gramu 55 au karibu na hapo unapata mahamri 60. Gawanya 600 kwa 60. Hamri moja limemgharimu shilingi 10, na mtaani analiuza shilingi 10.

Mama huyu kaamka saa kumi alfajiri, kakanda, kakaanga, kauza yote, na mfukoni anazo 600 zilezile alizotoka nazo. Haoni hasara kwa sababu pesa ameishika mkononi, na kwa sababu mafuta na makaa alivinunua siku nyingine, kwa noti nyingine. Bei za vitu hubadilika, kila mtu aweke za soko lake, awe ananunua Marikiti au Kongowea. Lakini mpango wa hesabu ni uleule.

Kionjo kilisimama hapo, pamoja na njia moja ya kutokea: pima donge kwa mizani, usikate kwa jicho. Hamri la gramu 55 likipungua likawa gramu 50, donge lilelile linatoa 66. Mahamri sita ya ziada ni shilingi 60, na mteja haoni tofauti. Njia nyingine zimo ndani ya kitabu, kama kupandisha bei kwa wateja wa ofisini tu, kuuza pamoja na mbaazi, au kuyahesabu mafuta kwa juma badala ya kwa siku.

Kuna rafiki yangu aliyeniambia nimetoa siri bure. Sioni hivyo. Aliyepata hesabu ya mahamri mara moja anaanza kuuliza ya viazi karai, na ya viazi karai sikuitoa. Ndiyo maana nilichagua hesabu inayomalizika yenyewe lakini inayoacha swali la jirani yake wazi. Ningetoa nusu ya hesabu ya mahamri, mtu angehisi amevutwa pua, na huyo harudi.

Kipimo cha kionjo si idadi ya waliobonyeza moyo. Huku kwetu watu ni waungwana, watakuandikia "mashallah, kazi nzuri" hata kama hawajasoma. Nilikuwa nasubiri maswali. Dada mmoja aliniletea ujumbe wa sauti: "Asalaam aleykum dada yangu, mimi nauza bajia, na mafuta yangu nayatumia siku tatu, sasa hayo nayagawanya vipi?" Huyo ni mnunuzi. Ukipata pongezi tupu bila swali hata moja, kionjo chako kimewafurahisha watu wasiouza chochote, na kuendelea kutangaza hakutasaidia. Badilisha kipande unachoonjesha. Maswali ya mafuta yalikuwa mengi kuliko yote, kwa hiyo kionjo cha pili nikakitoa kwenye sura ya mafuta badala ya ile ya madeni niliyokuwa nimeipanga.

Saa ya kuweka posti nayo si jambo dogo. Ushauri wa mitandaoni husema jioni, watu wakitoka kazini. Mama wa mahamri saa tatu usiku kashalala. Yeye simu yake huishika kuanzia saa nne asubuhi hivi, mahamri yameisha, kabla hajaanza mambo ya chakula cha mchana. Hapo ndipo nilipokuwa naweka Status ya WhatsApp, nikijua itakaa saa 24 kisha iondoke. Orodha ya kusambazia ujumbe, ile WhatsApp inayoiita Broadcast, inachukua watu 256 kwa orodha moja na inamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo chini ya kila kionjo nilikuwa naandika: "Ukitaka kinachofuata, hifadhi namba hii kisha niandikie neno MAHAMRI." Aliyeandika neno hilo amenipa ruhusa kwa mkono wake. Sikuchukua namba za watu kwenye magrupu ya mtaa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahusu hata muuzaji mdogo anayekusanya namba za watu, na zaidi ya sheria, mtu usiyemjua akikuripoti kwa WhatsApp mara kadhaa namba inaweza kufungwa siku ileile ya uzinduzi.

Kionjo cha tatu kilikuwa picha moja: simu yangu ya zamani, kioo kina ufa, imefunguliwa ukurasa wa kitabu juani. Chini yake nikaandika kitabu hakimfai nani. Mwenye simu ya kabambe hawezi kukifungua. Anayetafuta mkopo hatapata namna ya kuomba mkopo humo. Aliye na mkahawa mkubwa wenye mhasibu hahitaji. Posti hiyo iliniletea wanunuzi wengi kuliko nilivyotarajia, na ilinipunguzia watu wa kulalamika baadaye.

Sasa bei. Bei ya kawaida niliiweka shilingi 500, ya uzinduzi 300. Gharama zangu zilikuwa jalada 2,500, mhariri 5,000, na matangazo ya kulipia 1,500, jumla 9,000. Kwa shilingi 300, nakala 30 zinarudisha pesa hizo. Lakini hesabu iliyonisumbua zaidi ni nyingine: kila nakala tatu za 500 ni sawa na nakala tano za 300. Yaani bei ya uzinduzi ina maana tu ikiwa inaleta watu watano pale ambapo bei kamili ingeleta watatu. Isipoleta, unagawa pesa yako. Kilichonishawishi ni kwamba wale wa kwanza huleta wengine. Mama mmoja akikaa na jirani yake na mizani mezani, hilo ni tangazo ambalo shilingi 1,500 hainunui.

Kuna namna mbili za kuweka mpaka: kwa tarehe au kwa idadi. Mimi naiogopa ya idadi. Faili la PDF halimaliziki. Ukiandika "zimebaki nakala saba" kila anayefikiri kidogo anajua unamchezea, na hawa ni wafanyabiashara, hiyo lugha wamezaliwa nayo. Vivyo hivyo ile ya kuandika "thamani yake 2,500, leo 300" ilhali hakuna binadamu aliyewahi kukinunua kwa 2,500. Bei unayoikata iwe ndiyo utakayoitoza kweli juma linalofuata.

Nikaweka tarehe: kuanzia Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri mpaka Jumapili saa tatu usiku. Hapo kuna mtego wa Pwani. Ukiandika "mwisho usiku wa Jumapili", wazee wetu na wengi waliolelewa nao wataelewa ni Jumamosi kuamkia Jumapili, kwa sababu kwao siku huanza jua likizama. Wengine wataelewa Jumapili kuamkia Jumatatu. Pande mbili zote ziko sawa, na wewe ndiye utakayepigiwa simu. Kwa hiyo tangazo lilisema: "Bei ya 300 inakwisha Jumapili saa 3 usiku, Jumatatu tukiamka ni 500." Nikaongeza mstari wa pili: kinachohesabiwa ni saa iliyo kwenye ujumbe wa M-Pesa, si saa uliyoniandikia. Na mstari wa tatu: mtandao wa malipo ukigoma jioni ile, nitasogeza mwisho na nitatangaza kwenye Status. Mistari hiyo mitatu iliandikwa Ijumaa, kabla ya mtu yeyote kuwa na sababu ya kubishana nayo.

Tuje kwenye kukabidhi. Faili lenyewe kwanza. Kitabu kilichopangwa kwenye ukurasa wa A4 kina upana wa sentimita 21, na kioo cha simu ya kawaida hakizidi sentimita 7. Kila kitu kinabanwa mara tatu, kwa hiyo herufi ya saizi 12 inasomeka kama ya 4. Mtu atavuta kwa vidole ukurasa wa kwanza, wa pili, kisha ataacha. Mimi niliupanga kwenye A6, upana wa sentimita 10 na nusu, herufi ya 14. Ikibanwa inabaki kama 9, na hiyo inasomeka bila miwani kwa wengi. Picha za ndani nilizipunguza mpaka faili likawa chini ya MB 2, ili hata mwenye bando la siku alipakue bila kuhesabu hasara. Jina la faili ni `hesabu-ya-jiko.pdf`, kwa sababu baada ya miezi miwili mtu atalitafuta kwenye simu, na jina kama "final2 mpya" halitamsaidia. Nywila sikuweka. Nywila humzuia mnunuzi halali aliyeisahau zaidi ya inavyomzuia mwizi, na simu za kuiuliza huja usiku. Badala yake ukurasa wa pili una mstari wenye jina la mnunuzi. Haumzuii mtu kusambaza, lakini humfanya asite kidogo.

Ujumbe ule wa kulipa, niliouandika kabla ya yote, ulitoka hivi:

"Ahsante kwa kutaka kitabu.
1. Fungua M-Pesa, ingia Lipa na M-Pesa, kisha Buy Goods and Services.
2. Weka namba ya Till iliyo hapa chini, kiasi 300. Kabla hujakubali, soma jina la biashara linalotokea. Likiwa tofauti na lililo hapa, usilipe, niulize.
3. Ujumbe wa M-Pesa ukifika, ufowadi hapa hapa WhatsApp. Usiuandike upya kwa mkono.
4. Niandikie jina unalotaka liwe kwenye kitabu.
5. Kati ya saa 2 asubuhi na saa 3 usiku utapata faili ndani ya saa moja. Ukilipa baada ya hapo, utalipata kabla ya saa 3 asubuhi.
6. Lifungue ukiwa bado na bando, uhakikishe ukurasa wa mwisho unaonekana. Likikataa, niambie aina ya simu. Nikishindwa kukusaidia siku hiyo, pesa yako inarudi kwenye namba iliyolipa."

Kila mstari hapo una sababu yake. Nilichagua Till badala ya namba yangu binafsi kwa kuwa mnunuzi halipi ada ya kutuma, na kwa kuwa jina la biashara huonekana. Jina hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mtu akiona kwenye kioo jina la saluni ya binamu yako, atafuta muamala, na ana haki.

Kufowadi ujumbe ni kwa ajili ya ile namba ya muamala, herufi na tarakimu kumi zilizo mwanzoni mwa ujumbe. Usitegemee jina wala namba ya simu ya aliyelipa. Mara nyingi mama ndiye anayetaka kitabu, lakini aliyelipa ni mwanawe aliye Changamwe au mume aliye safarini. Namba ya muamala ndiyo inayounganisha pesa na mtu. Na ukishaipata, usitume faili kwa kuuona ujumbe tu. Ujumbe ulioletwa WhatsApp ni maandishi, na maandishi hubadilishwa. Fungua taarifa za Till yako upande wako, tafuta namba ileile, kiasi kilekile, ndipo utume. Huchukua chini ya dakika moja.

Halafu kuna jambo la namba moja ya muamala kuletwa na watu wawili. Mara nyingine si wizi, ni dada wawili walioamua kuchangiana 150 kila mmoja na kila mmoja akafowadi ujumbe. Mara nyingine ni wizi. Ili nizione haraka niliweka kila mauzo kwenye jedwali: safu A namba ya muamala, kisha kiasi, saa, jina la kwenye kitabu, namba ya WhatsApp, na safu ya mwisho "limetumwa". Pembeni nikaweka fomula hii na kuiburuta chini:

```
=COUNTIF(A:A,A2)>1
```

Ikitokea TRUE, namba hiyo imeshatumika. Dada wawili wale niliwatumia nakala moja yenye majina yao mawili, wakacheka, tukamaliza.

Kwenye WhatsApp Business majibu ya haraka yalinibeba. Ujumbe mzima wa hatua sita niliuhifadhi kama `/lipa`, na ule wa msaada wa kufungua faili kama `/fungua`. Lebo zinazokuja na programu zinatosha: aliyeuliza ninampa Pending payment, aliyelipa Paid, na aliyeniambia faili limefunguka Order complete. Ile ya mwisho ndiyo niliyoitazama kila jioni. Aliyebaki kwenye Paid hajathibitisha, na mimi sikumsubiri alalamike, nilimwandikia: "Bi mkubwa, kitabu kimefunguka?" Karibu kila aliyekwama alikuwa na tatizo moja, simu yake haina programu ya kusomea PDF. Google Drive hufanya kazi hiyo, na kama imo kwenye simu huwa imezimwa au haijawahi kufunguliwa. Kuna waliotaka niwatumie kurasa kama picha. Niliwakatalia kwa upole, maana WhatsApp hubana picha na tarakimu za jedwali hugeuka ukungu, na kitabu cha hesabu chenye tarakimu zisizosomeka ni hasara kwangu na kwao.

Jumatatu asubuhi kazi ya kwanza ni kufuta. Status zote zenye 300 zitoke, maelezo ya wasifu yabadilike, na jibu la `/lipa` liwe na 500. Hilo la mwisho ndilo husahaulika, kisha unajikuta wewe mwenyewe unatangaza bei iliyokwisha. Till haijui bei yako; itapokea kiasi chochote, na lazima wapo watakaolipa 300 asubuhi hiyo kwa tangazo walilofowadiwa na shoga zao. Kwa hao nilikuwa na jibu moja lililokwisha andikwa: bei ilikwisha jana saa 3 usiku, chagua kuongeza 200 upate kitabu sasa hivi, au nikurudishie 300 yako yote. Wa saa 3 na dakika nne usiku niliwapa, kwa sababu malipo ya M-Pesa wakati mwingine huchelewa kukamilika na mtu huanza kulipa kabla ya saa. Wa saa mbili asubuhi sikuwapa. Aliyeshinda Jumapili akihangaika kutafuta shilingi 300 kabla ya saa tatu angenishangaa.